Namba Arobaini na Nne

Mpaka leo nikiona viatu vyeusi vya mwanamume vimewekwa mlangoni, mwili unanisisimka. Watu wa nyumbani kwangu wanajua, na wananicheka. Waache wacheke. Hawakuwepo pale Lubunga, ng'ambo ya mto, siku ile niliyotaka ardhi ipasuke nitumbukie, mimi na mdomo wangu na macho yangu ninayoyasifu.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na magauni ya kanisani, na kwa miaka mingi nimejigamba kwamba sihitaji utepe. Mtu akisimama mlangoni, kabla hajasalimu, nimeshajua kiuno chake na urefu wa mkono wake. Mara nyingi napatia. Basi mdogo wangu alipopata mchumba ng'ambo ya mto, na familia ya binti ikatuletea orodha ya mahari, hakuna aliyebishana nani atanunua vitu vya kuvaa. Ni mimi. Mama yetu alifariki mdogo wangu akiwa bado anakojoa kitandani, nikamlea mimi, nikamsomesha mimi, na kumwoza nilitaka nimwoze mimi.

Orodha iliandikwa kwenye karatasi mbili za daftari zilizoshikana, kwa mwandiko mzuri wa shule. Vitenge vya mama mzazi, mbuzi, chumvi, sabuni, koti na suruali vya baba mzazi. Vipimo vya koti viliandikwa hadi kola. Mstari uliofuata ulisema "souliers za papa, noires, paire moja", viatu vyeusi vya baba, jozi moja, basi. Namba haikuwepo.

Mdogo wangu, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, akaliona pengo hilo kabla yangu, akataka kumpigia mchumba wake.

"Yaya, nimupigie simu? Nimuulize pointure, namba ya mguu ya papa yake?"

"Usipige simu!" nilimwambia. "Ulipiga simu juu ya mbuzi, bakaongeza taa. Ukipiga juu ya sapato, bataongeza kitu gani? Baiskeli?"

Ilikuwa kweli kuhusu taa. Lakini sababu yangu kubwa haikuwa taa. Namba nilikuwa nayo tayari, na nilikuwa nimeipata kwa ujanja wangu, nikaona fahari.

Ilitokea siku ya kwanza tuliyokwenda kujitambulisha. Tulivuka kwa mtumbwi wa injini, mvua ikatukuta katikati ya mto, tukafika kwa wakwe tumelowa na matope yamefika kwenye vifundo vya miguu. Baba wa binti alitupokea barazani. Ni mzee mfupi, mkavu, mwenye mabega membamba, aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote mpaka alipostaafu. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vyeusi vya ngozi vilivyong'aa kiasi kwamba niliviona kabla ya kumwona yeye. Kwa sababu ya matope, sote tulivua viatu kwenye mkeka wa mlangoni, na yeye akavua vyake, akatangulia ndani na soksi.

Baadaye nilitoka kwenda uani. Nikapita pale mlangoni. Vile viatu vya mzee vilikuwa vimewekwa pembeni, peke yavyo, juu ya kipande cha katoni. Nikatazama nyuma, nikaona hakuna mtu, nikainua kimoja na kukigeuza. Namba ilikuwa imechongwa chini, kwenye kisigino, wazi kabisa. Arobaini na nne. Nikakirudisha kama kilivyokuwa, nikaenda zangu uani nikijicheka kwa furaha. Mwanamke wa kazi, nilijiambia, hapotezi safari.

Fundi mwenye akili angejiuliza mtu mfupi vile ana miguu mirefu ya nini. Mimi nilijijibu kwamba watu wa mtoni wanazaliwa na miguu ya kukanyagia maji, nikafunga shauri.

Wiki ya mahari ilipofika nilikwenda dukani, karibu na soko kuu. Kuna vibanda vingi huko vyenye viatu vimening'inia kama ndizi, lakini kwa baba mkwe nilitaka duka lenye rafu na katoni. Mwenye duka alikuwa mtu wa Kivu ya Kusini, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na juu ya kichwa chake kulikuwa na lile tangazo la Kifaransa ambalo kila duka la mjini linalo, kwamba kitu kikishauzwa hakirudishwi wala hakibadilishwi.

"Ni ya zawadi?" aliniuliza.

"Ni ya bokilo. Papa ya mutoto mwanamuke. Namba arobaini na nne, nyeusi."

Hakusimama. Alinitazama juu ya miwani.

"Mama, ni yeye alikuambia namba?"

"Nimesoma chini ya sapato yake."

"Bon. Na yeye mwenyewe, urefu wake?"

Nilimwonyesha kwa mkono. Mkono wangu ulifika chini ya sikio langu. Yule bwana akatikisa kichwa polepole.

"Mama, mimi nauzisha sapato tangu nilikuwa kijana. Mutu wa urefu hiyo, arobaini, arobaini na moja. Hii mji, kama hujue mutu, unakamata arobaini na mbili ya kamba. Ikiwa kubwa kidogo, anakaza kamba, anatia soli ya ndani, anatembea. Ikiwa ndogo, hakuna dawa. Na mokasini usikamate kwa mutu hujapima. Mokasini haina kamba, haisamehe mutu. Na zile za ncha mrefu, zile bijana bapenda, zinadanganya. Unaona urefu, kumbe mbele iko wazi."

Leo nayakumbuka maneno yake yote, neno kwa neno, kwa sababu yalikuwa kweli tupu. Siku ile nilimsikia kama mtu anayetaka kuniuzia bidhaa iliyolala.

"Tonton," nikamwambia, "mimi niko fundi. Macho yangu ndiyo kazi yangu. Nimesema arobaini na nne."

Akainuka, akashusha katoni. Nilichagua viatu vya kamba, angalau hapo nilimsikiliza, vyenye ncha ya mviringo na kisigino cha heshima. Vilikuwa vizuri. Nilipovishika nilimwona mzee wa watu akiingia navyo kanisani.

Hapo ndipo nilipoonyesha akili kidogo, na akili hiyo ndiyo iliyokuja kuniumbua. Nikamwonyesha lile tangazo lake ukutani.

"Hii haiko yangu. Mimi nanunua ya mutu haiko hapa. Ikikataa, unabadilisha."

Tukabishana. Alitaka nichukue arobaini na mbili tuagane kwa amani. Mwishowe akachukua kalamu, akaandika juu ya mfuniko wa katoni kwa herufi kubwa: anabadilisha, harudishi pesa, mwisho siku ya Jumatatu, katoni iwepo, nzima, soli iwe safi. Akasaini. Akapitisha kidole chake chini ya soli, kutoka kwenye kisigino mpaka kwenye ncha.

"Ajaribu juu ya mukeka ao kitanda. Akikanyaga udongo mara moja tu, hata kama hatua moja, mimi siko ndani tena."

"Hatakanyaga," nikasema.

Jumamosi ya mahari tulivuka watu tisa na mbuzi. Mdogo wangu nilikuwa nimemvisha mwenyewe tangu kichwani mpaka miguuni. Suti niliishona mimi, tai ilikuwa mpya, na aliposimama kwenye ukingo wa mtumbwi akishikilia suruali isilowe, nilimtazama nikaona machozi yananilenga. Nilimwonya mara moja tu: "Leo hata nyumba iwake moto, usivue viatu." Akasema ndiyo, yaya.

Upande wa wakwe walikuwa wametandika mikeka uwanjani, lakini mikeka haikutosha, na usiku mvua ilinyesha. Baina ya mkeka na mkeka kulikuwa na udongo mwekundu uliolainika. Mzee alikaa kwenye kiti cha mikono, kwenye mkeka wa mbele, amevaa lile shati jeupe na vile viatu vyake vyeusi vya siku ya kwanza, vimeng'arishwa upya. Nyuma yake alisimama jirani yake, mzee mrefu kama mlingoti, rafiki yake wa reli, amevaa suruali ya heshima na ndala za plastiki. Niliziona zile ndala. Nilifikiri tu kwamba watu wengine hawajali sherehe za watu.

Msemaji wao akaanza kuita vitu kwenye orodha, na msemaji wetu akajibu. Chumvi, ipo. Sabuni, ipo. Mbuzi akajijibia mwenyewe na watu wakacheka. Kwa familia ile, kitu cha kuvaa hakipokelewi mkononi. Kinavaliwa pale pale, mbele ya wote, ili pasiwe na maneno baadaye. Mama wa binti alifungwa kitenge kipya juu ya kile alichovaa, akapigiwa vigelegele. Mzee akavishwa koti. Lilimkaa kama ngozi yake, na nikasikia wanawake wakinong'ona ni nani aliyeshona. Nikavimba kichwa.

"Souliers!" msemaji akaita.

Nikapeleka katoni mwenyewe. Nilipiga magoti kwa adabu, nikafungua. Mzee hakuonekana kufurahi. Alitazama viatu, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, acha tu. Nitavaa kesho."

"Papa, vaa! Vaa tuone!" mashangazi wa binti wakapiga kelele kutoka nyuma.

Mzee akawa hana njia. Akavua vile vya zamani polepole, akavisogeza chini ya kiti. Akaingiza miguu kwenye vipya. Nilikaza kamba mimi mwenyewe, na nilipozivuta, kingo mbili za kiatu zikakutana na kupandana. Nikakaza tena. Mguu ulikuwa ndani ya kiatu kama kijiko ndani ya sufuria. Shangazi mmoja akadakia, "Atembee!" na mzee, kwa kutaka jambo lile limalizike, akasimama na kupiga hatua. Kisigino chake kikatoka nje, kiatu kikabaki. Akapiga hatua ya pili akielekea mwisho wa mkeka, kwenye udongo.

Na mimi nikapiga kelele. Sikufikiri. Kelele ilitoka kama mtu anavyopiga kelele mtoto akikaribia moto.

"Papa, usikanyage chini! Usichafue soli, itarudi dukani!"

Nilimpigia kelele baba mkwe mbele ya ukoo wake. Nilimwambia zawadi aliyovaa itarudi dukani. Msemaji wetu alifunga macho. Mzee alibaki amesimama na mguu mmoja juu, mkono umeshika bega la jirani yake mrefu, na mimi nikiwa magotini nimekinga udongo kwa mikono miwili.

Ningekufa hapo ingekuwa afadhali, maana kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Yule shangazi mwenye kelele aliinama, akavuta kile kiatu cha zamani kutoka chini ya kiti, akakigeuza na kukilinganisha na kipya.

"Lakini pointure iko moja!" akashangaa kwa sauti. "Tazameni. Quarante-quatre, arobaini na nne, na hii quarante-quatre. Donc hii ya zamani inamukaa namna gani?"

Akakitikisa. Kikadondosha mkekani furushi dogo la vitambaa, limeviringwa vizuri na kufungwa uzi, lenye umbo la ncha ya kiatu. Akatikisa cha pili. Furushi la pili likaanguka.

Nilitazama mafurushi yale, kisha, sijui kwa nini, nikatazama juu, kwa yule jirani mrefu. Alikuwa anatazama mawingu. Nikashusha macho mpaka kwenye miguu yake, mirefu, imejaa kwenye zile ndala za plastiki mpaka vidole vinatoka mbele. Nikaelewa, na naamini kila mtu pale alielewa wakati ule ule. Mzee hakuwa na viatu. Siku ya kwanza aliazima ili atupokee kwa heshima, na leo aliazima tena ili atukabidhi mtoto wake kwa heshima. Rafiki yake alimpa vile alivyokuwa navyo na yeye akaja na ndala. Ndiyo maana namba haikuandikwa. Na mimi, kwa macho yangu ya fundi, nilikwenda kusoma namba ya mguu wa mtu mwingine, nikainunua, nikaileta mpaka uwanjani kwake nikamvua nayo nguo.

Mzee akaketi. Akatoa miguu yake kwenye viatu vipya, akairudisha chini ya kiti, mmoja juu ya mwingine. Hakunitazama.

"Funga bintu yenu," alisema. "Fungeni. Tutaonana siku ingine."

Alisema kwa upole kabisa, na upole ule ulinitisha kuliko matusi. Kwa mila, neno hilo likitoka kwa baba, mahari inarudi ilikotoka. Wakwe wengine husema siku nyingine na siku hiyo haiji. Binti alikuwa amesimama mlangoni na shangazi zake, nikaona anashika ukuta. Msemaji wetu alianza kuomba msamaha kwa Kifaransa, halafu kwa Kilingala, na maneno yakamwishia katika lugha zote. Nilitaka kulia na nilikuwa na hasira, hasira kali isiyo na pa kwenda, kwani mkosaji nilikuwa mimi.

Ndipo nikasikia viatu vinavuliwa.

Mdogo wangu alikuwa amesimama katikati, amevua kiatu cha kulia na anafungua kamba za kushoto. Nikamkazia macho. Nikamtolea macho yale ambayo tangu utotoni yalikuwa yanatosha kumkalisha chini. Hakunitazama. Alikuja na soksi mpaka mbele ya kiti cha mzee, akapiga magoti pembeni yangu, akaingiza vidole ndani ya kiatu chake na kutoa furushi la vitambaa. Akatoa na la pili. Akayapanga mkekani karibu na yale ya mzee, moja baada ya jingine, mafurushi manne.

Yalifanana kama ndugu. Ujanja ni ule ule. Yale mawili ya mdogo wangu niliyaviringa mimi, asubuhi ile ile, kwa mabaki ya suti yake, nikayafunga kwa uzi wa cherehani yangu. Viatu vilikuwa vya mume wangu.

"Papa," mdogo wangu akasema, "hata mimi siko na yangu. Niliazima kwa shemeji. Yaya alisema nisivue. Unisamehe."

Nilishtuka mara mbili. Kwanza kwa sababu alinianika. Pili, na huu mshtuko ndio uliokaa, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimefanya kitu kile kile kwa mikono yangu, nikakiita usafi, na saa tatu baadaye nilikiona kwa mtu mwingine nikakiita fedheha. Haikunijia akilini hata kidogo kwamba upande wa pili wa mto kungeweza kuwa na mtu anayeviringa vitambaa kama mimi.

Mzee aliinama juu ya mafurushi manne. Akaokota moja la mdogo wangu, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Hii yenu iko nguvu kushinda yangu," akasema. "Ni nani alifunga?"

"Ni mimi, papa," nikasema.

Mama wa binti ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka akiwa ameshika kitenge chake kipya, akaketi chini kwa kicheko, na shangazi mwenye kelele akafuata, halafu jirani mrefu, ambaye kicheko chake kilikuwa kama injini inayokataa kuwaka. Uwanja ukalipuka. Mzee hakucheka sana, lakini alitoa miguu yake chini ya kiti.

"Likambo te, hakuna neno," akasema. "Donc unipime. Leo hii, mbele ya batu."

Sikuwa na utepe. Mimi na majigambo yangu, sikuwa na utepe. Msemaji wao akanipa karatasi ya orodha, ile ya daftari, nikaigeuza upande usioandikwa na kuilaza mkekani. Nilimwomba mzee asimame, maana mguu unaobeba mwili hutanuka na mguu wa mtu aliyekaa hudanganya. Akasimama kwa kumshika rafiki yake. Nikashika kalamu wima na kuzungusha, taratibu, kisigino, upande, vidole kimoja kimoja. Ulikuwa mguu mdogo, mgumu, wenye kovu la zamani juu ya kidole gumba. Nikapima na wa pili, kwani miguu ya mtu hailingani, na wa kushoto ulizidi kidogo.

"Reli walikuwa wanatupa bottes, zile buti za kazi," aliniambia nikiwa nimeinama. "Zinakuja ndani ya gunia. Unakamata ile inabaki. Hakuna mutu alishanipima."

Mahari ilipokelewa siku ile ile. Mstari wa viatu uliachwa wazi, na msemaji wao akaandika kando yake kwamba familia ya bwana harusi ina mpaka Jumanne.

Jumatatu asubuhi nilikuwa dukani kabla mlango haujafunguliwa wote. Mwenye duka alisoma mwandiko wake mwenyewe kwenye mfuniko, akafungua katoni, akageuza viatu na kupitisha kidole chini ya soli. Kidole kikatoka safi. Ile kelele yangu iliyonitia aibu ndiyo iliyookoa soli, na sikujua nifurahi au nilie. Nikamkunjulia karatasi. Aliweka mchoro wa mguu wa kushoto juu ya soli ya ndani, akaacha nafasi ya upana wa kidole mbele ya vidole, akafikiri.

"Arobaini inamutosha, lakini itakaza jioni, mguu ikivimba. Tukamate arobaini na moja ya kamba, na soli ya ndani nakupa." Halafu, kwa upole wake ule ule: "Mama fundi, nilikuambia."

"Uliniambia," nikasema. Hilo neno lilinigharimu kulitoa.

Mtindo ule ule katika namba hiyo ulikuwa umekwisha. Alikuwa na wa ncha ndefu, nikaukataa kabla hajausifu. Tulipata vingine vyeusi, vya mviringo, ngozi laini zaidi.

Jumanne nikavuka peke yangu. Mzee alikuwa barazani na jirani yake, na miguuni alikuwa na ndala, na jirani alikuwa na viatu vyake vyeusi, namba arobaini na nne, amekunja mguu ili nivione. Tukacheka sote watatu. Mzee akavaa, nikafunga kamba, kingo za kiatu zikaachana inavyopaswa. Akasimama. Akatembea mpaka mwisho wa baraza, akasita, akanitazama.

"Nikanyage?"

"Kanyaga, papa," nikamwambia.

Akashuka kwenye matope, akazunguka uwanja mzima, akarudi na soli nyekundu, akakaa. Nilikuwa tayari nimeanza kuaga. Alinizuia kwa mkono.

"Bado. Mimi pia niko na deni ya heshima. Mutoto yako alivua sapato mbele ya batu kwa sababu yangu. Nataka nimununulie ya kwake, mupya, isiingie kitambaa." Akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akakunjua kipande cha karatasi juu ya goti. "Wewe ulimulea. Iko na pointure ngapi?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Nilimwona mdogo wangu akiwa na miaka sita, kumi, ishirini, na kila nilipomwona alikuwa amevaa viatu vya mtu: vya binamu, vya mwalimu, vya mume wangu. Kila mara nilikuwa nimevijaza vitambaa na kusema vinamkaa. Sikuwahi kumnunulia hata kimoja kwa mguu wake.

Mzee alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi, anasubiri, na mimi sikuwa na namba ya kumpa.